Msikimbilie Kisu kwa Utumbo Mvivu

Utumbo mkubwa si moyo wala ini. Mtu huweza kutolewa wote akaishi miaka mingi. Basi kama umelala na dawa zimeshindwa kuuamsha, ukatwe, mambo yaishe. Hoja hii utaisikia kwa wagonjwa waliochoka, kwa ndugu zao kwenye mabenchi ya kliniki, na wakati mwingine kwa madaktari ambao wangepaswa kuwa wazito zaidi wa kuitamka. Inavutia kwa sababu kila kipande chake ni kweli. Ni kweli mtu huishi bila utumbo mkubwa. Ni kweli upasuaji huo upo, na wapo waliopona nao. Uongo umo katika hitimisho, kwamba mtu akikosa choo wiki nzima basi mwenye kosa ni utumbo mkubwa, na kwamba ukiuondoa utumbo umeuondoa na ugonjwa.

Huku kwetu hoja hii imepata nguvu kutoka mahali pasipohusika. Afrika Mashariki ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako utumbo kujisokota huonekana mara kwa mara. Mzee anafikishwa hospitali tumbo limevimba, hapitishi choo wala upepo. Anapasuliwa usiku huohuo, kipande kilichojizungusha kinakatwa, na baada ya muda unamwona amerudi kwenye shughuli zake. Jirani aliyeshuhudia hayo anajijengea kanuni: tumbo lilifunga, wakakata, akapona. Kwa mzee yule kanuni ilikuwa sahihi. Utumbo uliojisokota hukosa damu na huweza kuoza ndani ya saa chache, na hapo hakuna cha kusubiri. Mimi nazungumzia maradhi mengine kabisa, yasiyoua kwa usiku mmoja bali yanayomchosha mtu kwa miaka: utumbo mkubwa uliokaa mahali pake, usio na uvimbe wala kizuizi, ila unausafirisha uchafu polepole mno.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mara chache kwa siku, hasa anapoamka na baada ya kula, wimbi kubwa la misuli hupita kwenye utumbo mkubwa na kusogeza kilichomo kwa masafa marefu. Kwa wagonjwa hawa mawimbi hayo ni machache au dhaifu, na mlo hauyaamshi. Choo kinakaa, utumbo unaendelea kufyonza maji, kinakuwa kikavu. Wengi wao ni wanawake, na kwa wengi shida ilianza wakiwa wasichana. Utumbo wao ukitazamwa kwa hadubini, mara nyingi hukutwa na upungufu wa seli zinazoendesha mapigo ya misuli yake. Ndiyo maana ushauri wa kula pumba, mboga na matunda zaidi, unaowafaa watu wengi wenye choo kigumu, wao huwaongezea gesi na maumivu. Wanaongezewa mzigo ilhali wa kuusukuma hayupo. Hawa ni wagonjwa kweli. Anayewaambia wanywe maji wataona nafuu hajawasikiliza, na sipendi makala hii isomwe kama mkono wa kumsaidia mtu huyo.

Sasa tumtazame mgonjwa wa mfano. Nimemtunga, ila yote yanayompata hutokea. Tumwite Mwajuma, mwalimu wa Morogoro mwenye miaka 31. Tangu sekondari hupata choo mara moja kwa siku nane au tisa. Ameshatumia sanamaki, shubiri, mafuta ya nyonyo, papai, na vidonge vya bisakodili alivyoanza kwa kimoja akafika vitano. Tezi yake ya shingo imepimwa, kalsiamu ya damu imepimwa, orodha ya dawa zake imekaguliwa kwa sababu vidonge vya madini ya chuma na dawa kali za maumivu hufunga choo, na kamera imepitishwa utumbo mzima bila kukuta kitu. Anapewa kidonge chenye vipete 24 vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei. Anakimeza Jumatatu, anaacha dawa zote za kuharisha, na Jumamosi anapigwa picha ya tumbo. Kwa kawaida vipete vinavyobaki siku ya tano havizidi vitano. Kwa Mwajuma vimebaki 19, vimetawanyika kulia, juu na kushoto.

“Daktari, ushahidi si huu?” anauliza. “Nitolee tu.”

“Mwalimu, picha inaniambia mzigo haujafika. Haijaniambia kwa nini.”

Jibu hilo ndilo kiini cha makala hii. Wanaotaka kukata hukiona kipimo cha vipete kuwa hukumu, nacho ni shtaka tu. Vipete hubaki utumbo unapokuwa mvivu, lakini hubaki pia pale ambapo utumbo ni mzima na mlango wa kutokea haufunguki. Ni kama foleni ya magari: lango la mbele likifungwa, magari husimama mpaka nyuma kabisa, na aliye nyuma hudhani gari lake ndilo bovu. Wengi hudhani kwamba tatizo la mlangoni lingeonyesha vipete vimerundikana chini tu, kwenye puru. Mara nyingine huwa hivyo. Lakini sehemu kubwa ya wagonjwa wenye tatizo la mlangoni huonyesha pia vipete vilivyotawanyika utumbo mzima, na picha peke yake haiwatenganishi.

Kinachowatenganisha ni kipimo ambacho hakina fahari yoyote. Mpira mdogo ulio kwenye ncha ya mrija laini huingizwa kwenye puru, hujazwa maji mililita 50, kisha mgonjwa hukalishwa kwenye kiti cha choo, mlango unafungwa, anaambiwa autoe kama anavyokwenda haja. Aliye mzima huutoa ndani ya dakika moja hivi. Mwajuma amekaa dakika tano, jasho linamtoka, mpira uko palepale. Kabla ya hapo daktari alikuwa ameingiza kidole na kumwambia asukume. Msuli wa mlango, badala ya kulegea, ulikibana kidole. Kila anapojikamua, Mwajuma anafunga mlango uleule anaotaka kuufungua. Hajui kwamba anafanya hivyo, wala hakuna aliyewahi kumpima.

Tiba ya hilo haina kisu. Ni mazoezi ya kuufundisha msuli upya. Kifaa chenye vihisio huwekwa mlangoni, mgonjwa anaona kwenye skrini msuli wake ukikaza au kulegea, na kwa vikao vinne mpaka sita, pamoja na mazoezi ya nyumbani, anajifunza kusukuma kwa tumbo huku akilegeza chini. Katika majaribio yaliyowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, takriban saba katika kila kumi wenye tatizo hili walipata nafuu ya kweli, na kwa wengi wao mwendo wa utumbo mzima ulirudi kuwa wa kawaida. Baada ya miezi mitatu Mwajuma anameza vipete tena. Safari hii vinabaki vinne. Bado anakunywa unga wa makrogoli kila jioni na hajawa mtu wa kwenda haja kila asubuhi kwa saa maalumu. Lakini ana utumbo wake.

Fikiria angekatwa. Choo cha majimaji kutoka utumbo mwembamba kingefika kwenye mlango uleule usiojua kufunguka. Angejikamua kama zamani, tena kwa kitu kinachovuja pale msuli unapochoka. Mgonjwa wa namna hiyo anakuwa amepata maradhi mawili mahali pa moja, na utumbo aliopoteza haurudishwi.

Nitaambiwa hospitali zetu hazina mitambo ya kupima misuli ya puru. Mitambo ile ya shinikizo ni adimu kweli, na vifaa vya kupima mwendo wa tumbo na utumbo mwembamba ni adimu zaidi. Lakini kwa kipimo cha mpira kinahitajika mrija wenye mpira wa kujaza maji, sindano kubwa, kiti cha choo na saa. Na kidole cha daktari hakiagizwi kutoka ng’ambo. Hospitali yenye uwezo wa kufungua tumbo na kutoa utumbo wa mita moja na nusu haiwezi kusema imekosa saa ya kuhesabu dakika moja.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi ya hii, na ni haki niieleze kwa nguvu zake zote. Mwaka 2017 yalichapishwa mapitio ya tafiti 40 zenye wagonjwa zaidi ya 2,000 waliotolewa utumbo mkubwa kwa ajili ya maradhi haya. Takriban asilimia 86 walisema wameridhika au walihesabiwa kuwa wamefanikiwa. Waliokufa kutokana na upasuaji hawakufika mmoja katika mia. Ni dawa ngapi za choo zinazoweza kujivunia matokeo hayo? Mtu akiiweka takwimu hiyo mezani, kusubiri huonekana ukatili.

Lakini uliza ni akina nani hao waliohesabiwa. Kwa sehemu kubwa ni wagonjwa waliochujwa katika vituo vikubwa. Wameshashindwa na dawa zote, wamepimwa mlango, baadhi wamepimwa tumbo na utumbo mwembamba, na wengi waliofika mlangoni mwa kliniki hizo walirudishwa. Asilimia ile ni ya waliobaki kwenye chujio. Ukiichukua na kumpa Mwajuma wa siku ya vipete 19, kabla ya mpira, umemwazima matokeo ya watu wengine. Katika mapitio ya zamani zaidi, ya 1999, kiwango cha kuridhika kilitofautiana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine, kuanzia asilimia 39 hadi 100. Upasuaji mmoja, maradhi yenye jina moja, na pengo la namna hiyo! Kwa maoni yangu tofauti kubwa ilikuwa ni nani aliyeruhusiwa kupanda mezani, na alipimwa nini kabla.

Tena mapitio yaleyale ya 2017 yana takwimu ambazo wapenda kisu huzisoma haraka. Karibu robo ya wagonjwa walipata angalau tatizo moja la upasuaji. Karibu 15 katika kila mia walipatwa na kuziba kwa utumbo mwembamba kunakojirudia kwa miaka. Haya yanastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu kwenye fomu ya ridhaa huwa mstari mmoja.

Daktari anaukata utumbo mkubwa kuanzia unapopokea kutoka utumbo mwembamba, upande wa kulia chini, mpaka unapoanza puru, kisha anaunganisha utumbo mwembamba na puru. Maungio hayo ndiyo hofu ya kwanza. Yakivuja, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza, uchafu humwagika tumboni. Dalili huanza kwa ujanja: mapigo ya moyo yanakwenda mbio bila sababu, homa inapanda, tumbo linazidi kuuma wakati lilipaswa kutulia, mgonjwa anapumua haraka na kusema tu kwamba hajisikii vizuri. Muuguzi wa zamu ya usiku anayeona mapigo 120 na kudhani ni maumivu ya kidonda anaweza kupoteza saa zisizorudi. Uvujaji mkubwa humrudisha mgonjwa mezani, na mara nyingi hutoka na mfuko wa kinyesi ubavuni, wa muda au wa kudumu.

Hofu ya pili haina haraka. Tumbo lililofunguliwa hufanya makovu ndani, na makovu hunatisha kipande cha utumbo mwembamba kwa kingine au kwa ukuta wa tumbo. Mwezi mmoja, au miaka mitano baadaye, mtu aliyedhani amemaliza anaamka na maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mawimbi, anatapika kijani, tumbo linajaa, upepo haupiti. Baadhi hufunguka kwa kuwekewa mpira wa puani na dripu. Wengine hufunguliwa tumbo tena, na kila kufunguliwa kunaacha makovu mapya. Wagonjwa wa utumbo mvivu wanaonekana kuathirika na hili zaidi ya ungetarajia. Sababu moja inayotajwa ni kwamba kwa baadhi yao uvivu haukuishia kwenye utumbo mkubwa. Utumbo mwembamba nao ulikuwa mzito tangu mwanzo, ila hakuna aliyeupima. Kwa mtu kama huyo, kutoa utumbo mkubwa ni kutibu nusu ya maradhi kwa gharama ya upasuaji mzima.

Halafu kuna maisha ya kila siku. Utumbo mkubwa ulikuwa unarudisha mwilini lita moja au zaidi ya maji kila siku, pamoja na chumvi. Ukiondoka, choo kinakuwa kama uji, mara tatu, nne au zaidi kwa siku, hasa miezi ya mwanzo. Wengi huzoea ndani ya mwaka mmoja. Wachache hawazoei: wanaamka usiku, wanachafua nguo, wanapanga safari kwa kuhesabu vyoo vya njiani. Mwalimu mwenye vipindi vitatu mfululizo, au mama anayepanda basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza, anapaswa kulisikia hilo kabla, kwa lugha hiyohiyo. Kwenye joto, akiharisha kidogo tu kwa ugonjwa mwingine, huishiwa maji haraka kuliko watu wengine, na pakiti za maji ya chumvi na sukari lazima ziwe nyumbani wakati wote.

Kibaya kuliko vyote, kwa jinsi ninavyoona, ni kile ambacho upasuaji hauahidi na wagonjwa hudhani umeahidi. Idadi ya kwenda haja hupanda karibu kwa kila mtu. Maumivu ya tumbo na kujaa gesi hayafuati lazima. Sehemu kubwa ya waliokatwa huendelea kuumwa tumbo na kuvimba. Ukimwuliza mgonjwa ni nini hasa kinachomtesa, wengi hawatasema ni siku nane bila choo. Watasema ni tumbo linalouma na kujaa mpaka sketi haifungi. Mtu huyo akikatwa atakwenda haja mara nne kwa siku na tumbo litaendelea kuuma. Kwenye jedwali la utafiti unaohesabu haja, ataandikwa amefanikiwa.

Wapo wanaojibu kwamba siku hizi upasuaji hufanywa kwa matundu madogo. Ni kweli kidonda kinakuwa kidogo, maumivu ya siku za kwanza yanapungua, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Lakini utumbo unaotolewa ni uleule na maungio ni yaleyale. Tundu dogo halibadilishi choo kitakavyokuwa baada ya mwaka.

Hili si jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mpasuaji maarufu wa London, Bwana Arbuthnot Lane wa Hospitali ya Guy’s, aliamini kwamba choo kinachokaa hutoa sumu inayoingia kwenye damu na kuleta maradhi ya kila namna. Alianza kutoa utumbo mkubwa wa watu waliofunga choo, na mwaka 1908 alichapisha matokeo yake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alikuwa fundi wa mikono hasa. Nadharia ndiyo iliyokuwa mbovu. Katika miaka ya 1920 mtafiti mmoja wa Marekani aliwajaza watu wazima wenye afya pamba kwenye puru. Wakapata maumivu ya kichwa na uchovu uleule wa aliyefunga choo, na pamba ilipotolewa dalili zikaondoka mara moja, kasi ambayo sumu ya damu isingeweza. Lane mwenyewe alikuja kuacha kisu akawa mhubiri wa chakula bora, na mwaka 1925 akaanzisha chama cha kueneza mafundisho hayo. Leo sumu ya utumbo imerudi mitaani kwa jina la kusafisha utumbo, na wapo wanaoingia chumba cha daktari wakiwa wameshaamini kwamba utumbo wao unawatilia sumu. Hiyo si sababu ya kumkata mtu.

Je, hakuna anayestahili? Yupo. Ni yule ambaye vipete vimebaki zaidi ya mara moja, mpira ameutoa, mlango umethibitika mzima, na tumbo na utumbo mwembamba vinakwenda kawaida. Ugonjwa wa utumbo kukosa mishipa ya fahamu tangu kuzaliwa umeondolewa kwenye orodha kwa vipimo vyake. Ametumia makrogoli, bisakodili na, inapopatikana, prukalopridi kwa dozi kamili na kwa miezi, si kwa wiki mbili. Kinachomtesa zaidi ni kukosa choo chenyewe. Huzuni kubwa au maradhi ya kula, kama yapo, yametibiwa kwanza. Kwa mtu huyo, baada ya mazungumzo marefu, kumnyima upasuaji ni kosa pia, na zile asilimia 86 zilikusanywa kwa watu wa namna yake. Hata hapo, utumbo hutolewa wote mpaka puru. Wanaokatwa kipande tu, kwa huruma ya kuacha kingine, hurudi wamefunga choo mara nyingi zaidi.

Kabla ya hatua hiyo ipo njia ya kujaribu inayoweza kurudishwa nyuma. Utumbo mwembamba hutolewa kwa muda kwenye ukuta wa tumbo na kuingia kwenye mfuko, na utumbo mkubwa unapumzishwa bila kukatwa. Mgonjwa anaishi hivyo miezi michache. Ikiwa maumivu na kujaa vimeondoka, kuna sababu ya kuamini kwamba utumbo mkubwa ndio ulikuwa na kosa. Ikiwa mfuko unafanya kazi vizuri na tumbo bado linauma vilevile, amejua kabla ya kupoteza kitu kwamba kisu kisingemsaidia. Ipo pia njia iliyoelezwa na Malone mwaka 1990, ya kufungulia kidole tumbo kwenye ngozi ili mgonjwa aingize maji mwenyewe na kuusafisha utumbo kutoka juu. Vifaa vya kusisimua mishipa ya fahamu ya kiuno vilileta matumaini, lakini vilipolinganishwa na kifaa kilichozimwa, kwa maradhi haya havikuonyesha faida ya maana.

Kwako wewe uliyeahidiwa tarehe ya upasuaji: waulize madaktari wako siku gani ulipimwa mlango, na nini kilionekana kwenye utumbo mwembamba. Kama hujawahi kukalishwa kwenye kiti na kuambiwa uusukume ule mpira wa mililita 50, kalamu ya ridhaa iache mezani.